Umenunua gari kuukuu? Hakikisha jina lako limeingia kwenye usajili

Mkazi anayenunua gari lililotumika huondoka na ufunguo, logibuku na nakala ya kitambulisho cha muuzaji, akiamini kwamba gari sasa ni lake. Kisheria bado. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ndiye anayechukuliwa kuwa mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hivyo karatasi zilizo mkononi hazitoshi. Kinachotazamwa kwanza ni jina lililo katika kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi, yaani NTSA.

Sheria hiyo imeweka muda. Muuzaji ana siku 7 za kuijulisha Mamlaka kwamba ameuza na amemuuzia nani. Mnunuzi naye haruhusiwi kulitumia gari barabarani kwa zaidi ya siku 14 tangu liuzwe kama hajasajiliwa kuwa mwenyewe mpya. Gari lililouzwa Ijumaa tarehe 6, kwa mfano, muuzaji awe ametoa taarifa kufikia tarehe 13, na jina la mnunuzi liwe limeingia kufikia tarehe 20.

Chukulia mkazi wa Ngara anayetaka Probox ya kubebea vipuri kutoka Barabara ya Kirinyaga. Amepata moja kwa shilingi 650,000. Muuzaji anamwonyesha logibuku halisi, lakini jina lililo humo si lake. Anaeleza kwamba alilinunua kwa mtu mwingine miaka mitatu iliyopita na hakupata nafasi ya kubadilisha. Anazo nakala ya kitambulisho cha yule wa kwanza na fomu ya uhamisho aliyoitia sahihi, ila nafasi ya jina la mnunuzi imeachwa wazi.

Hili ndilo kosa linalowakwamisha wengi. Zamani, fomu kama hiyo iliweza kupita mikono mitatu au minne kabla ya mtu wa mwisho kujaza jina lake. Siku hizi uhamisho hufanywa mtandaoni, na huanzishwa kutoka akaunti ya eCitizen ya mtu yule ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake. Muuzaji wa Probox hana gari hilo katika akaunti yake, kwa hivyo hana cha kuhamisha. Fomu yenye sahihi ya mtu asiyepatikana haimsaidii mnunuzi. Na ikiwa mtu huyo amefariki, hapana budi familia yake ipate kwanza hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi.

Dawa yake ni kupekua kumbukumbu kabla ya kutoa hata malipo ya kwanza. Ingia eCitizen, fungua huduma za NTSA na uombe kumbukumbu za gari kwa nambari ya usajili. Utapata jina la mwenyewe, nambari ya chesisi, nambari ya injini na rangi. Linganisha jina na kitambulisho cha mtu aliye mbele yako, kisha linganisha nambari ya chesisi na ile iliyochongwa kwenye bodi ya gari. Usiridhike na logibuku pekee, kwa maana karatasi inaweza kughushiwa. Injini ikiwa imebadilishwa bila kuandikishwa, nambari yake haitalingana. Mwambie muuzaji alirekebishe hilo kwanza.

Angalia pia kama kuna jina la benki au shirika la mikopo pamoja na la mwenyewe. Likiwepo, gari limewekwa dhamana. Muuzaji peke yake hawezi kulihamisha mpaka mkopeshaji aliachilie, hata akikuonyesha risiti kwamba alimaliza kulipa.

Tukirudi kwa mnunuzi wetu, bado anaweza kulipata gari hilo, lakini kwa utaratibu. Mwenyewe wa kwanza atafutwe na ahamishe gari kwa yule aliyemuuzia. Huyo naye akishasajiliwa, ndipo amhamishie mnunuzi wa Ngara. Ada italipwa mara mbili, na wakubaliane mapema nani atalipa ya kwanza. Hadi hapo, pesa zisitoke.

Muuzaji anapokuwa ndiye aliyesajiliwa, hatua ni chache. Kwanza waandike mkataba wa mauzo, ikiwezekana mbele ya wakili. Muuzaji aingie katika akaunti yake, achague gari na aweke nambari ya kitambulisho ya mnunuzi. Mnunuzi hupokea ombi hilo katika akaunti yake mwenyewe, hulikagua, hulikubali na kulipa ada, ambayo hutegemea ukubwa wa injini. Wote wawili wawe na PIN ya KRA. Baada ya hapo NTSA hukagua ombi na kutoa logibuku kwa jina jipya. Fuata maelekezo ya ombi lako kuhusu kurudisha logibuku ya zamani.

Kosa la pili hutokea hapo katikati. Muuzaji huanzisha uhamisho, kisha mnunuzi anasahau kuukubali au kulipa. Ombi linabaki likining'inia huku kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza. Mnunuzi asihesabu kazi imekwisha mpaka apekue tena kumbukumbu na kuona jina lake. Njia nzuri ni kubakisha sehemu ya bei, labda kwa wakili, mpaka ombi lionekane katika akaunti ya mnunuzi.

Kosa la tatu ni mkataba usiotaja saa. Tuseme gari limekabidhiwa Ijumaa saa kumi jioni na Jumapili likamgonga mtu. Kwenye kumbukumbu bado ni la muuzaji, na yeye ndiye atakayeshtakiwa kwanza. Mwaka 2005, katika kesi ya Securicor Kenya dhidi ya Kyumba Holdings, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba aliyesajiliwa anaweza kuthibitisha kuwa alikwisha kuuza gari kabla ya ajali. Lakini uthibitisho unahitaji karatasi. Mkataba utaje majina, nambari za vitambulisho, nambari ya usajili na ya chesisi, bei na namna ilivyolipwa, tarehe na saa ya kukabidhi, pamoja na sahihi za mashahidi. Kila upande ubaki na nakala.

Mnunuzi naye asitegemee stika ya bima iliyo kwenye kioo. Bima ile ni mkataba kati ya kampuni na mwenyewe wa zamani, na haihami pamoja na gari. Achukue bima kwa jina lake kabla ya kuliendesha.

Kaunti haihamishi umiliki wa magari, na hakuna afisa wa kaunti mwenye mamlaka hayo. Lakini ada za maegesho jijini hulipwa kwa nambari ya gari, kwa hivyo uliza kama kuna deni kabla ya kununua. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa na dawati la NTSA katika Kituo cha Huduma kilichoko GPO, Barabara ya Kenyatta. Mnunuzi na muuzaji waende pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake na simu iliyosajiliwa eCitizen, kwa sababu msimbo wa kuthibitisha hutumwa kwenye simu hiyo.