Dhamana ya viza ya Marekani: fedha hurudi lini?

Tangu Oktoba 2025, Mtanzania anayeomba viza ya Marekani ya matembezi au biashara anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000. Hulipwa kupitia Pay.gov, baada tu ya ofisa wa ubalozi kumwagiza.

Wengi wetu tungedhani mwisho wa kukaa ni tarehe ya viza. Sivyo. Inayohesabika ni ile ya rekodi ya I-94, anayopewa akiingia. Tuseme viza yako inaisha Septemba 30, lakini I-94 inasema Agosti 3. Ukiondoka Agosti 5 umechelewa, na dhamana inaweza kupotea.

Ingia na utoke kupitia viwanja vilivyoteuliwa, kama JFK wa New York. Ukitokea kwingine, safari yako huenda isiandikwe, na fedha zikakwama.