Kwa Nini Skrinshoti Hutoka Nyeusi

Filamu inakwenda vizuri kwenye simu, rangi zake kali, sauti safi. Unabonyeza kitufe cha kuwasha simu pamoja na cha kupunguza sauti, unasikia mlio wa kamera, kisha unafungua picha uliyoipata: giza tupu. Chini ya giza hilo, maandishi ya tafsiri ya filamu yanasomeka bila shida. Wengi hudhani simu imeharibika. Simu ni nzima, na hayo maandishi yaliyobaki ndiyo yanayoeleza vizuri zaidi kilichotokea.

Kinachoonekana kwenye kioo cha simu hakichorwi kwa mkupuo mmoja. Ni matabaka yaliyolaliana mithili ya vipande vya kioo vilivyochorwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Video ina tabaka lake. Maandishi ya tafsiri na vitufe vya kusimamisha au kurudisha nyuma vina tabaka jingine, na ule mstari wa juu wenye saa na chaji ya betri una lake. Ndani ya Android kuna sehemu inayoitwa SurfaceFlinger, na kazi yake ni kuyaunganisha matabaka hayo yawe picha moja, mara kadhaa kwa kila sekunde. Ukipiga skrinshoti, sehemu hiyohiyo huombwa itengeneze nakala ya picha hiyo. Ikikuta tabaka lililowekewa alama ya ulinzi, haitoi nakala yake, bali huacha weusi mahali pake. Matabaka yasiyo na alama hunakiliwa kama kawaida, ndiyo maana tafsiri ilibaki.

Alama hiyo huwekwa na mtengenezaji wa programu, tena kwa mstari mmoja tu:

```
getWindow().addFlags(WindowManager.LayoutParams.FLAG_SECURE);
```

Mstari huu ukiwekwa, dirisha zima la programu linalindwa. Hapo simu nyingi hazikupi hata picha nyeusi, hukuambia tu kwamba programu hairuhusu skrinshoti. Ukirekodi skrini, au ukiwaonyesha wenzako skrini yako katika mkutano wa video, wao wataona giza ilhali wewe unaona kila kitu. Programu nyingi za benki zimewekwa hivyo, na kurasa za faragha za kivinjari cha Chrome kwenye Android vilevile. Njia rahisi ya kuitambua alama hii ni kufungua orodha ya programu ulizotumia karibuni. Nyingine zitaonyesha taswira ndogo ya ukurasa ulioachwa, lakini yenye alama itaonyesha kisanduku kitupu.

Lakini alama ni ombi tu, na linatekelezwa kwa sababu Android inakubali kulitekeleza. Wenye filamu hawakuridhika na hilo. Walitaka hata simu ambayo mfumo wake umevurugwa na mwenyewe isiweze kuichota video, na hapo ndipo ulinzi ulipoteremka hadi kwenye chipu.

Kwenye simu za Android kazi hiyo hufanywa na Widevine, teknolojia iliyonunuliwa na Google mwaka 2010. Filamu hufika kwenye simu yako ikiwa imefungwa kwa hesabu za siri, hivyo faili lenyewe bila ufunguo halina maana yoyote. Ufunguo hutumwa peke yake. Katika kiwang'o cha juu cha ulinzi, kinachoitwa L1, ufunguo huo haukabidhiwi Android. Unaingia katika sehemu ya chipu iliyotengwa, filamu inafunguliwa humo, na picha zake huwekwa katika kumbukumbu ambayo mfumo wa kawaida wa simu hauruhusiwi kuisoma. Mitambo inayoendesha kioo ndiyo inayozichukua na kuzionyesha. Kwa hiyo skrinshoti ya video ya namna hii haikuzuiwa na mtu aliyesimama mlangoni. Picha zenyewe hazikupita kabisa mahali ambapo skrinshoti ingeweza kuzichukua.

Simu isiyo na uwezo huo huangukia kiwango cha L3, ambapo filamu hufunguliwa na programu ya kawaida ndani ya kumbukumbu ya kawaida. Wenye filamu wanajua kwamba ulinzi huu ni dhaifu, basi huipunguzia simu hiyo ubora. Netflix, kwa mfano, huiwekea kikomo cha picha za ubora wa chini, hata kama kioo chake ni kizuri na bando ni nene. Ukiona filamu haiishi ukungu kwenye simu ambayo YouTube yake inang'aa, fungua mipangilio ya programu ya Netflix, utafute sehemu ya Playback Specification. Hapo utasoma Widevine ya simu yako ni L1 au L3.

Ulinzi huu hauishii kwenye simu. Waya wa HDMI unaopeleka filamu kwenye runinga una mfumo wake, HDCP, ambao hukagua kama kifaa cha upande wa pili kinaaminika. Projekta ya zamani au kigawanyishi cha bei rahisi kikishindwa kujibu, runinga inaweza kuwa nyeusi huku sauti ikiendelea kusikika. Kubadilisha runinga hakutasaidia ikiwa tatizo ni hicho kifaa cha katikati.

Kwenye iPhone mambo ni tofauti kidogo. Video za kulipia hutoka nyeusi, lakini Apple haijawapa waundaji wa programu swichi ya wazi ya kuzuia skrinshoti ya kawaida. Programu huarifiwa kwamba skrinshoti imepigwa, tena baada ya kupigwa. Ndiyo maana programu ya benki inayokataa kwenye Android inaweza kukubali kwenye iPhone ya jirani.

Na hapa kwenye benki ndipo wengi huumia. Mpangaji ametuma kodi kwa programu ya benki, mwenye nyumba anataka ushahidi, na skrinshoti inakataa. Tafuta kwanza kitufe cha kushiriki au kupakua risiti kwenye ukurasa wa muamala. Faili la PDF linalotoka hapo limetengenezwa na benki yenyewe, na halizuiliwi na alama ile. Ujumbe mfupi wa uthibitisho unaotumwa na benki, kama ule wa M-Pesa, nao hutosha mara nyingi. Naamini benki inayofunga skrinshoti bila kumpa mteja risiti ya kupakua inamdhulumu. Mwenye nyumba naye atazame salio lake mwenyewe, kwa sababu skrinshoti ya malipo hughushiwa kwa dakika chache.

Kikomo cha ulinzi wote huu kinajulikana: simu ya pili ikielekezwa kwenye kioo itapiga picha, maana mwanga unaofika machoni mwako unafika pia kwenye kamera yake. Linalonitia hofu ni jingine. Zipo programu zinazoahidi kuondoa giza la skrinshoti, na baadhi huomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyotengenezwa ili kuwasaidia wasioona kusomewa kilichoandikwa kwenye kioo. FLAG_SECURE huzuia picha, haizuii ruhusa hiyo. Programu uliyoipa inaweza kusoma salio lako, majina ya unaowatumia pesa na maandishi mengine ya ukurasa wa benki, ingawa skrinshoti ya ukurasa huohuo ingekuwa nyeusi tii. Ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua sehemu ya ufikivu, uangalie ni programu zipi zimewashwa. Usiyoijua, au usiyokumbuka kwa nini uliiruhusu, izime kabla hujafungua tena programu ya benki.