Namba Isiyosema Kweli: Video ya Kupima Shinikizo la Damu na Makosa Yanayojificha Ndani Yake

Wengi wetu tumewahi kuketi mbele ya muuguzi, tukafungwa mkanda mkononi, tukatajiwa namba mbili za shinikizo la damu, ambalo mitaani huitwa presha. Namba hizo tunazipokea kama tunavyopokea uzito wa mzigo uliokwisha kuwekwa kwenye mizani, bila kuuliza zimepatikanaje. Katika kukitembelea chuo kimoja cha wauguzi, tuliketi pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kutazama video ya mafunzo kuhusu kipimo hicho. Tuliyoyaona humo yanamhusu muuguzi, na yanamhusu pia kila mtu anayepimwa.

Video hiyo imepangwa kwa namna rahisi. Kwanza inaonyesha utaratibu sahihi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha kazi ile ile inarudiwa pamoja na makosa ya kawaida, na muda wote wa kosa alama nyekundu inakaa kwenye kona ya picha. Mwishoni utaratibu sahihi unaonyeshwa tena. Waigizaji ni wakufunzi wenyewe, si wagonjwa, na namba zinazosomwa ni za mfano zilizochaguliwa na wakufunzi ili kila kosa lionekane pamoja na matokeo yake. Huo ndio msingi wa somo lote. Muuguzi akikosea kufunga jeraha, bandeji italegea na kosa litaonekana. Akikosea kupima shinikizo la damu, mashine itampa namba vilevile, na namba hiyo ikishaandikwa kwenye kadi haitofautiani kwa sura na namba ya kweli.

Ili kuelewa makosa, ni lazima kwanza tuelewe kinachopimwa. Ndani ya mkanda kuna mfuko wa mpira. Ukijazwa hewa, unaubana mshipa mkubwa wa mkono hadi damu isipite. Hewa inapotolewa polepole, damu huanza kupenya kwa vishindo, na sauti ya vishindo hivyo husikika kwa stetoskopu iliyowekwa kwenye mkunjo wa kiwiko. Aliyezieleza sauti hizo mwaka 1905 ni daktari mpasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkov, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Namba ya juu husomwa pale sauti ya kwanza inaposikika, na namba ya chini pale sauti inapotoweka. Zote huhesabiwa kwa milimita za zebaki, hata pale ambapo mashine haina zebaki tena.

Sehemu ya kwanza ya video haina haraka. Anayepimwa amekwisha kwenda haja ndogo, kwa kuwa kibofu kilichojaa hupandisha namba. Anaketi kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika 5, mgongo umetulia, nyayo zote mbili ziko sakafuni, na miguu haikupishanishwa. Mkono umelazwa juu ya meza, na mkanda uko usawa wa moyo, yaani usawa wa katikati ya mfupa wa kifua. Mkanda umefungwa juu ya ngozi, si juu ya nguo, na ukingo wake wa chini uko sentimita 2 au 3 juu ya mkunjo wa kiwiko.

Kabla ya kutumia stetoskopu, muuguzi anagusa mapigo kwenye kifundo cha mkono huku akijaza hewa, na kuangalia yanapotea kwenye namba gani. Anatoa hewa yote na kusubiri kidogo. Ndipo anapojaza tena, akivuka namba ile kwa milimita kama 30, na kuishusha kwa mwendo wa milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Muda wote huo hakuna anayezungumza. Baada ya dakika moja au zaidi anapima tena.

Kisha alama nyekundu inatokea. Mzee ameingia akitweta kutoka nje na kuketishwa papo hapo kwenye stuli isiyo na egemeo. Mkono wake unaning'inia ubavuni. Shati limekunjwa hadi juu na kumbana, na mkanda uliofungwa ni mwembamba kuliko mkono wake. Muuguzi anajaza hewa huku akimuuliza habari za nyumbani, naye mzee, kwa adabu, anajibu. Namba inasomeka 158 kwa 98. Picha inayofuata inamwonyesha mzee yule yule akiwa amepumzika, ameegemea, mkono uko mezani, mkanda unamtosha na chumba kiko kimya. Sasa namba ni 136 kwa 84.

Mkufunzi alisimamisha video hapo na kueleza sababu mbili kwa kina. Ya kwanza ni mkono unaoning'inia. Damu ni kimiminika chenye uzito, na kila sentimita 10 ambazo mkanda unakuwa chini ya moyo huongeza takriban milimita 8 kwenye namba. Ya pili ni mkanda mdogo. Mfuko wa mpira ulio ndani yake unapaswa kuuzunguka mkono kwa angalau asilimia 80. Ukiwa mfupi au mwembamba, haubani mshipa sawasawa, na inabidi hewa nyingi zaidi ijazwe ili damu isimame. Nguvu hiyo ya ziada husomwa kana kwamba ni ya mgonjwa, kumbe ni ya mkanda. Yakiongezwa mazungumzo, uchovu wa njiani na mgongo usioegemea, mzee ambaye hajavuka kiwango cha 140 kwa 90 anaandikwa kuwa na shinikizo la juu. Akianzishiwa dawa asizozihitaji, anaweza kuanza kuona kizunguzungu kila anaposimama, hata kuanguka.

Kosa linalofuata ni la haraka. Muuguzi anafungua vali sana, na mshale unashuka kwa milimita 10 kila sekunde. Tufanye hesabu pamoja. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, kuna pigo moja kila sekunde, na kati ya pigo na pigo mshale umekwisha kushuka milimita 10. Mtu ambaye namba yake ya juu ni 148 anaweza kusikika kwa mara ya kwanza mshale ukiwa 140, kwa sababu palipokuwa 148 hapakuwa na pigo la kusikika. Hapo sikio halikukosea, bali mkono ndio uliokimbia.

Hata hivyo, sehemu iliyotugusa zaidi ni ile ambayo makufunzi wameiacha kwa makusudi bila alama nyekundu. Mama mjamzito wa wiki 34 amelazwa wodini kwa ubavu wa kushoto, kama anavyoshauriwa kulala. Muuguzi hataki kumsumbua. Anaingia kwa upole, anachagua mkanda unaotosha, anaufunga vizuri kwenye mkono wa kulia, ananyamaza, anashusha hewa polepole na kuandika 130 kwa 80. Mkufunzi aliuliza, "Kosa liko wapi?" Darasa lilikuwa kimya. Mmoja alisema hakuna kosa, na wengi wakaitikia kwa vichwa.

Kosa liko kwenye mkono uliochaguliwa. Mama akilala kwa ubavu wa kushoto, mkono wake wa kulia uko juu ya mwili, na mkanda uko sentimita kama 15 juu ya moyo. Kanuni ile ile ya mkono wa mzee sasa inafanya kazi kinyume: kila sentimita 10 za kuinuka hupunguza takriban milimita 8, hivyo sentimita 15 hupunguza milimita 12. Mama huyo alipoketishwa, akaegemezwa na kupumzishwa, na mkono ukawekwa usawa wa moyo, namba ilikuwa 142 kwa 92.

Tofauti hiyo si ndogo. Baada ya wiki 20 za ujauzito, namba inayofikia 140 kwa 90 kwa mama ambaye hakuwa na shinikizo la juu hapo awali haiachwi ipite hivi hivi. Hurudiwa, mkojo hupimwa protini, na mama huulizwa kama anaumwa kichwa sana, kama macho yanaona ukungu, au kama ana maumivu sehemu ya juu ya tumbo, kwa kuwa hayo yanaweza kuwa matangulizi ya kifafa cha mimba. Namba ya 130 kwa 80 ingeufunga mlango huo kabla haujafunguliwa. Mzee aliyepimwa vibaya angeweza kurudi wiki ijayo na kupimwa upya, kwa sababu namba kubwa humfanya mtu arudie. Namba ndogo ya uongo humtuliza kila mtu, kwa hiyo hakuna anayerudia.

Tuliwauliza wakufunzi kama hawahofii kwamba mwanafunzi atalishika kosa na kulisahau lililo sahihi. Walijibu kwamba hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu ya mpangilio wa video. Kosa halionyeshwi kamwe kabla ya utaratibu sahihi, halionyeshwi bila kueleza limefanya nini kwenye namba, na halipewi nafasi ya kuwa picha ya mwisho. Kisa cha mama ndicho pekee kisicho na alama, nacho huonyeshwa tu mkufunzi akiwapo darasani, ili jibu lipatikane kabla wanafunzi hawajatoka.

Video nayo ina mipaka yake. Haiwezi kulifundisha sikio. Kwa hiyo, baada ya kutazama, wanafunzi huenda kwenye chumba cha mazoezi na kupimana kwa stetoskopu ya kufundishia, ambayo watu wawili husikiliza kwa pamoja. Mwanafunzi na mkufunzi huandika namba zao kila mmoja peke yake, kisha huonyeshana. Wakitofautiana kwa zaidi ya milimita 4, wanapumzika na kurudia.

Nasi tunaopimwa tuna sehemu yetu. Tukifika kituoni tumetoka kutembea, ni haki kusema kwamba tungependa kupumzika kwanza. Mkono ukiachwa unaning'inia, tunaweza kuomba uwekwe mezani. Tukisemeshwa wakati mkanda unabana, tunaweza kunyamaza hadi kipimo kiishe, nalo halitakuwa kosa la adabu. Tulipokuwa tukiondoka chuoni, yule mwanafunzi aliyesema hakuna kosa alikuwa amebaki chumba cha mazoezi na mwenzake. Mwenzake alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, naye alikuwa anapima kwa rula umbali kutoka kwenye mkanda hadi kwenye mfupa wa kifua.