Chomoa Transista Kwanza

Mchoro una dayodi moja. Anodi yake iko kwenye volti 3, kathodi iko kwenye volti 5, zote zikipimwa kutoka upande hasi wa betri. Je, inapitisha umeme?

Mtahiniwa aliyekariri kwamba dayodi hupitisha anodi ikiwa chanya ataandika "ndiyo", naye atakuwa amekosa. Anodi ni chanya kweli, lakini kathodi imeizidi kwa volti 2. Dayodi hutazama tofauti kati ya ncha zake mbili, basi. Anodi ingekuwa kwenye volti 3 chini ya sifuri na kathodi kwenye volti 5 chini ya sifuri, ingepitisha bila shida. Kwa dayodi ya silikoni anodi inapaswa kuizidi kathodi kwa takriban volti 0.7, mitihani mingine hutumia 0.6, na mtahiniwa afuate namba aliyopewa.

Njia ya kuaminika ni kuichomoa dayodi kwenye mchoro kwa mawazo, kutafuta volti zilizopo kila upande wa pengo lililobaki, kisha kuuliza kama tofauti inatosha kuifungua. Njia hiyohiyo hufaa kwa transista, kwa sababu kati ya besi na emita yake mna kiungo kinachofanya kazi kama dayodi.

Chukua taa inayojiwasha giza likiingia, swali linalopendwa sana na watunga mitihani. Betri ni ya volti 6. Kutoka upande chanya inashuka rezista ya omu 10,000 hadi besi ya transista ya aina ya NPN, na kutoka besi hadi upande hasi kuna rezista ya mwanga, ambayo ukinzani wake hupungua inapomulikwa. Emita imefungwa upande hasi. Balbu inayohitaji miliampea 40 iko kati ya upande chanya na kolekta.

Mchana, tuseme rezista ya mwanga ina omu 500. Transista ikiwa imechomolewa, rezista hizo mbili zinagawana volti 6, na ile ya chini inapata 6 × 500 ÷ 10,500, yaani karibu volti 0.29. Hazifiki 0.7. Transista imefunga, balbu imezima.

Usiku ukinzani unapanda hadi omu 100,000. Hesabu ileile inatoa volti 5.45, na hapa ndipo alama nyingi zinapoweza kupotea. Volti 5.45 zinathibitisha tu kwamba transista itafunguka. Si volti za besi baada ya kuirudisha mahali pake. Ikishafunguka, besi inashikiliwa kwenye 0.7 hivi. Volti 5.3 zilizobaki zinaiangukia rezista ya juu na kusukuma ndani yake miliampea 0.53. Rezista ya mwanga inachukua kiasi kidogo mno, na karibu miliampea 0.52 zinaingia kwenye besi.

Je, zinatosha? Ikiwa transista inakuza mkondo mara 100, kolekta inaweza kuruhusu hadi miliampea 52. Balbu inataka 40 tu, hivyo transista imefunguka kabisa na balbu inawaka vizuri. Ingekuwa balbu ya miliampea 200, mkondo ungepita lakini usingefikia kiasi hicho: balbu ingefifia, na transista, ikiwa imefunguka nusunusu, ingepata joto. Kwa hiyo jibu la "inapitisha" pekee halijamaliza swali.

Swali likiendelea kuuliza volti za kolekta, wengine huandika 6 kwa kuwa balbu inawaka. Ni kinyume chake. Karibu volti zote ziko kwenye balbu, na kolekta imeshuka hadi 0.2 hivi. Husimama kwenye 6 pale balbu inapokuwa imezima.

Wakati mwingine mahali pa balbu huwekwa koili ya rilei, na dayodi ikachorwa sambamba nayo, kathodi ikielekea upande chanya. Transista ikiwa imefunguka, anodi iko kwenye 0.2 na kathodi kwenye 6, kwa hiyo dayodi haipitishi. Lakini transista inapofunga ghafla, koili inapinga mkondo wake kukatwa na kuisukuma kolekta juu ya volti 6. Ikifika karibu 6.7, dayodi inafunguka na mkondo unazunguka ndani ya koili mpaka uishe. Bila dayodi hiyo volti za kolekta zinaweza kupanda kiasi cha kuiua transista. Na mchoro ukiigeuza, transista ikifunguka tu, mkondo unaipita koili kando, unapita kwenye dayodi na transista bila kizuizi, na hiyo ni shoti.