Dakika 20 Mbele ya Jopo
Kwenye usaili wa ualimu, wengi huangushwa na somo la dakika 40 lililobanwa ndani ya 20. Chagua lengo moja linalopimika. Kwa mfano, Hisabati Darasa la Nne: "Mwanafunzi aweze kulinganisha 1/3 na 1/4 na kutoa sababu." Ukiandika "aelewe sehemu", jopo litakuuliza utajuaje kwamba ameelewa.

Dakika 3 za kwanza, uliza ipi ni kubwa. Baadhi watajibu 1/4, kwa kuwa 4 inazidi 3. Usiwasahihishe. Wagawie vipande vya karatasi vyenye urefu sawa. Wawili wawili wakunje kimoja sehemu 3 sawa, kingine sehemu 4, kisha walinganishe. Wape dakika 8, maana kukunja sehemu 3 sawa huwasumbua. Dakika 5 waeleze walichokiona, na uwaite hata wasionyoosha mikono.

Dakika 4 za mwisho, kila mmoja aandike peke yake: kati ya 1/5 na 1/6, ipi kubwa, na kwa nini?

Kama wasaili ndio "wanafunzi", nao wakunje karatasi. Muda ukibana, punguza maelezo yako, usiliguse zoezi la mwisho: ndilo linaloonyesha kama lengo limefikiwa.