Mauzo Yaliyotumwa Mara Mbili

Tuchukue duka lenye tawi Kariakoo. Kompyuta ya tawi hutuma mauzo ofisi kuu kila baada ya dakika 5, na siku za kawaida kazi huisha kwa dakika 2. Mwisho wa mwezi wateja hufurika, mtandao husuasua, na kazi ileile huchukua dakika 8. Inayoiamsha ni `cron`, ambayo haiulizi kama safari ya kwanza imekwisha. Saa ikifika, inaanzisha nyingine.

Saa 5:00 programu inasoma risiti 400 ambazo hazijatumwa. Itaziwekea alama baada ya kumaliza. Saa 5:05 ya pili inaanza, inazikuta risiti zilezile hazina alama, inazituma tena. Ofisi kuu sukari inaonekana imekwisha ilhali rafu zimejaa. Ukiona namba moja ya risiti imeingia mara mbili kwa tofauti ya dakika 5, usimlaumu keshia.

Wengi hukimbilia kuunda faili mwanzoni na kulifuta mwishoni: anayelikuta anarudi. Lakini programu mbili zinaweza kuchungulia kwa wakati mmoja, zote zisilione, zote ziingie. Halafu umeme ukikatika katikati, faili hubaki diskini, na kila safari inayofuata hudhani kuna mwenzake ndani. Mauzo hayatumwi tena mpaka mtu alifute kwa mkono.

Kwenye Linux dawa ni `flock`:

```
*/5 * * * * flock -n /opt/duka/mauzo.lock timeout 20m /opt/duka/tuma.sh
```

Hapa faili kuwepo si hoja. Kufuli lenyewe hushikwa na mfumo endeshi kwa niaba ya programu iliyo hai. Programu ikifa, hata kwa kuuawa ghafla, kufuli hufunguka lenyewe. Kwa hiyo faili liache hapo siku zote. Ukilifuta kazi ikiendelea, safari inayofuata itaunda jingine lenye jina hilohilo na kulifunga bila kizuizi, na utakuwa umerudi kulekule. Alama ya `-n` humwambia anayekuta kufuli limeshikwa aondoke. Bila hiyo atasubiri, na foleni itarefuka.

Kufuli hili ni la makubaliano: humzuia anayeliomba tu. Fundi akiendesha `tuma.sh` moja kwa moja atapita bila kuulizwa. Tena halivuki kompyuta. Kama seva mbili zinafanya kazi hiyohiyo, kufuli liwekwe kwenye hifadhidata wanayoitumia zote. PostgreSQL ina `pg_try_advisory_lock`, nalo huachiwa muunganisho unapokatika.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni programu iliyoganda bila kufa. Hiyo hushikilia kufuli, na wengine wote huondoka kimyakimya. Ndiyo maana nimeweka `timeout 20m`, na ningeongeza ujumbe wa simu kwa msimamizi kila saa nzima inapopita bila safari iliyofanikiwa.