Sufuria Inapika Vizuri, Lakini Ilichelewa na Kufika Imebonyea: Utaipa Nyota Ngapi?

Wiki tatu zilizopita niliagiza sufuria ya presha ya umeme, lita 6, shilingi 7,800, nikalipa kwa simu papo hapo. Duka la mtandaoni liliahidi kuwa itafika Mwihoko kabla ya Alhamisi kuisha. Ilifika Jumatano iliyofuata, boksi limelowa upande mmoja, na sufuria yenyewe imebonyea ubavuni, shimo la ukubwa wa kidole gumba. Jioni hiyo nikapika githeri niliyokuwa nimeiloweka tangu asubuhi. Kabla ya saa moja kuisha ilikuwa imeiva, laini kabisa. Halafu kesho yake ujumbe ukaingia: ipe bidhaa yako nyota.

Nilikuwa na hasira, kwa hivyo nyota moja ndiyo iliyokuja akilini kwanza. Lakini kaa kidogo ufikirie ni nani atakayeisoma. Mtu akitafuta sufuria ile ile, nyota za bidhaa zinamwambia kama inapika. Hazimwambii kama lori lilikwama. Amazon, kwa mfano, wanasema wazi kwenye masharti yao kwamba maoni ya bidhaa si mahali pa kulalamikia usafirishaji, upakiaji au muuzaji. Hayo yana sehemu yake. Maduka mengi yana sehemu hizo mbili, ila ya pili imefichwa kidogo. Itafute kwenye ukurasa wa oda yako au kwenye jina la muuzaji kabla hujabonyeza chochote.

Na nyota yako ina uzito kuliko unavyodhani, hasa kwa bidhaa isiyo na maoni mengi. Sufuria yangu ilikuwa na watu 9 tu waliotoa maoni, jumla ya nyota 41, yaani wastani wa 4.6. Ningeweka nyota 1, jumla ingekuwa 42 kwa watu 10, na wastani ungeshuka hadi 4.2. Nikiweka 4, unakuwa 4.5. Kwa bidhaa yenye maoni elfu moja, mtu mmoja hata haonekani. (Maduka mengine hayatumii wastani wa kawaida, yanapima pia maoni ni ya lini na kama mtu alinunua kweli, lakini wazo ni lile lile.)

Sasa, kubonyea. Hapa usiharakishe, kwa sababu "inafanya kazi" ni neno la kupimwa. Kwa sufuria ya presha, shimo la ubavuni kwa nje ni la sura tu. Shimo kwenye ukingo, kwenye kifuniko au kwenye sufuria ya ndani ni hatari, kwa sababu mvuke unaweza kupenya pale mpira wa kifuniko haukai sawa. Mimi nilitoa sufuria ya ndani nikaiangalia, nikapitisha kidole ukingoni mzima, nikakagua mpira, kisha nikaiwasha na maji matupu kabla ya kuweka chakula. Mvuke ukitoka pembeni badala ya kwenye valvu, au kifuniko kikikataa kufunga vizuri, hiyo haifanyi kazi hata kama inachemsha. Irudishe, na hapo nyota moja ni halali.

Swali linalofuata ni nani aliyeibonyeza. Boksi litakuambia. Likiwa zima na kitu kimebonyea ndani, kuna uwezekano mkubwa kilipakiwa kikiwa hivyo. Likiwa limepondeka pale pale palipo na shimo, basi kiligongwa njiani. Langu lilikuwa limepondeka pale pale. Lakini nilipotoa povu la kukinga, nikaona lipo juu na chini tu, ubavuni hakuna kitu. Hiyo inabadilisha hesabu, kwa sababu ndivyo inavyotoka kiwandani, na anayefuata kununua naye anaweza kuletewa iliyobonyea. Kosa linaloweza kumpata mnunuzi mwingine, mimi nalihesabu kwa bidhaa. Kosa la siku moja ya lori nalihesabu kwa waliolileta.

Kuchelewa pia kunahesabiwa kwa haki. Anza na siku uliyoahidiwa, si siku uliyolipa. Kutoka Alhamisi hadi Jumatano ni siku 6. Lakini kwenye simu yangu kulikuwa na simu mbili za mtu wa boda zilizonikosa, Jumanne mchana, na Mwihoko yetu haina namba za nyumba. Bila simu atazunguka Githurai 45 hadi achoke. Siku moja ilikuwa yangu, tano zao.

Kuna jambo moja la kufanya kabla ya nyota zote hizi, nalo ni pesa yako. Siku za kurudisha bidhaa huanza kuhesabiwa pale unapoipokea, kwa hivyo peleka lalamiko kwanza. Piga picha za boksi pande zote kabla ya kulifungua, karatasi yenye namba ya oda ionekane, kisha kitu chenyewe. Ujumbe wa malipo usiufute. Ule msimbo wa muamala unaonyesha ulilipa nani, kiasi gani na lini. Usijaribu kurudisha muamala, kama ile njia ya kutuma ujumbe wa M-Pesa kwenda 456. Hiyo ni ya pesa iliyoenda kwa namba isiyo sahihi. Bidhaa iliyobonyea ni deni la duka, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na fidia ukipata hasara.

Ukiweka nyota chache, usishangae ukipigiwa simu. Mimi nilipigiwa: "Dada, toa hiyo nyota mbili tukurudishie mia tano." Nilimwambia anirudishie kwanza kwa sababu ya shimo, kisha nitaandika kuwa wamerudisha. Fidia haipaswi kuwa bei ya kubadilisha ukweli. Na kama anayepiga anataka PIN yako au namba uliyotumiwa kwa ujumbe "ili pesa iingie", kata simu. Kupokea pesa hakuhitaji PIN, hata siku moja.

Basi nilifanya hivi. Bidhaa nilipa nyota 4: inapika vizuri, nimetoa moja kwa ajili ya upakiaji wa kiwandani. Muuzaji na usafirishaji nilipa 2. Kama duka lingekuwa na sehemu moja tu ningeweka 3, kwa sababu 3 humfanya mtu asome maneno yaliyo chini, na maneno ndiyo yanayomsaidia. Yangu yalikuwa haya:

"Inapika githeri vizuri na kifuniko kinafunga sawa. Ilichelewa siku 6 (moja nilikosa simu mimi). Boksi halina povu ubavuni, yangu ilifika imebonyea kwa nje. Kagua ukingo na mpira kabla ya kuwasha. Nilirudishiwa shilingi 500 baada ya siku 4."

Hiyo sentensi ya mwisho niliiongeza pesa ilipoingia. Nyota sikuzigusa.